Majani machungu na glasi inayogeuka kali

Mezani, neno "kali" hubebeshwa mzigo mkubwa. Pilipili ni kali, siki ni kali, pombe ni kali, na chai iliyokolea kupita kiasi nayo ni kali. Kwa mazungumzo ya kawaida linatosha. Lakini mvinyo ulioupenda dakika tano zilizopita ukikugeukia ghafla mdomoni, neno hilo halikusaidii, kwa sababu halikwambii ni kitu gani hasa kilichogeuka.

Hali yenyewe huwa hivi. Unafungua chupa ya mvinyo mwekundu, unaonja, unauona laini na wenye harufu nzuri ya matunda. Inaletwa bakuli ya saladi ya majani machungu: chikori, endivu, arugula, pengine na radikio, ile chikori nyekundu inayofunga kama kabichi ndogo. Unatafuna kidogo, unarudi kwenye glasi, na mvinyo ule ule umekuwa mkavu na mgumu, na uchungu wake unang'ang'ania kooni. Wapo wanaoilaumu chupa. Wapo wanaoilaumu mboga, na hao ndio waliotuachia ule usemi kwamba saladi na mvinyo haviketi meza moja. Naona mvinyo na mboga vyote vinaonewa. Mara nyingi tatizo ni kile ambacho sahani imekikosa, na cha kwanza ni chumvi.

Ili kuliona hilo, kwanza tulivunje neno "kali" vipande vinne. Kuna uchungu, ambao huchelewa kuja na huchelewa kuondoka. Kuna uchachu, ambao unautambua kwa mate kuchuruzika pande mbili za taya. Kuna joto la pombe, linalochoma kooni baada ya kumeza. Na kuna ukakasi, ule mkwaruzo unaobaki kwenye fizi na ndani ya mashavu, kama wa ndizi mbichi au chai nyeusi iliyoachwa ndani ya birika kwa muda mrefu. Huu wa mwisho si ladha hata kidogo. Ni mguso. Tanini, zinazotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na pia kwenye mapipa ya mwaloni, hushikana na protini zilizomo katika mate. Protini hizo ndizo zinazoyapa mate utelezi. Zikishikwa, mdomo unabaki hauna kilainishi.

Sasa fikiria mvinyo huo huo ukinywewa na kipande cha nyama iliyochomwa. Nyama ina protini na mafuta ya kupokea tanini kabla hazijayafikia mate, na karibu kila mara imetiwa chumvi. Jani la saladi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Halina mafuta ya maana, halina protini ya kutosha, na chumvi yake ya asili ni kidogo mno. Kwa hiyo tanini zinafika mdomoni hazina kizuizi, zinakutana na ulimi uliokwisha kuamshwa na uchungu wa jani, na uchungu unajumlishwa na uchungu.

Uchungu wa majani nao una namna zake. Chikori, endivu, radikio na saladi ya kawaida ni ndugu wa ukoo mmoja, na uchungu wao unatokana hasa na laktusini na laktukopikrini, vitu vinavyokaa katika ule utomvu mweupe unaoonekana ukikata shina. Ndiyo maana sehemu ya chini, karibu na kikonyo, ni chungu kuliko ncha ya jani. Arugula, haradali na kabichi ni ukoo mwingine. Hao wana glukosinoleti, na unapotafuna au kukata, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani ya jani hukutana nazo na kutoa ule mwasho unaopanda puani. Tofauti hii ina maana kwa anayechagua kinywaji: chikori inagombana na tanini na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, yaani chochote chenye uchungu wake chenyewe, wakati arugula inagombana pia na pombe nyingi, kwa kuwa mwasho na joto la pombe huchocheana. Mvinyo wa asilimia 14.5 pamoja na arugula mbichi ni moto mtupu.

Turudi kwenye chumvi. Mwaka 1997 Paul Breslin na Gary Beauchamp, watafiti wa kituo cha Monell huko Philadelphia, walichapisha katika jarida la Nature jambo ambalo wapishi walikuwa wakilifanya bila kulieleza. Walichanganya kitu kichungu na kitu kitamu, kisha wakaongeza chumvi ya sodiamu. Uchungu ulishuka sana. Utamu, uliokuwa umefunikwa na ule uchungu, ukajitokeza zaidi. Kwa maneno mengine, kazi kubwa ya chumvi si kuongeza uchumvi tu, ni kuuzima uchungu na kuziachia nafasi ladha nyingine. Saladi isiyo na chumvi inamwachia mnywaji uchungu wote aukabili peke yake.

Tatizo la pili ni siki. Siki ya kawaida ina asidi kama asilimia 5, yaani gramu 50 kwa lita. Mvinyo mwingi una kati ya gramu 5 na 9 kwa lita. Chukua kijiko kimoja cha mezani cha siki, mililita 15: ndani yake mna asidi karibu robo tatu ya gramu, ambayo ni sawa na asidi yote iliyomo katika glasi ya mililita 125 ya mvinyo wa gramu 6. Kijiko kimoja kinalingana na glasi nzima! Ulimi ukishazoea uchachu wa kiwango hicho, mvinyo wenye asidi ndogo unaofuata unaonekana umelegea, mnene, hauna uhai, na kama ni mwekundu, kinachobaki kusikika ni ukakasi. Juu ya hayo, harufu ya siki inapanda puani na kuupaka mvinyo sifa ya kuharibika ambayo hauna. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ya kuchagua kinywaji cha saladi ni kwamba uchachu wa glasi usizidiwe mbali na uchachu wa sahani.

Nitaeleza jaribio moja nililolifanya jikoni, kwa sababu mambo haya huaminika yakishaonjwa. Nilichukua gramu 150 za majani, nusu radikio na nusu arugula. Nikayachanganya na vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni na kijiko kimoja cha siki, bila chumvi. Pembeni niliweka glasi nne: mvinyo mwekundu mchanga wa Cabernet Sauvignon wa asilimia 14, bia ya aina ya IPA yenye hopsi nyingi, mvinyo mweupe wa Riesling wa daraja la Kabinett kutoka Mosel, Ujerumani, na bia ya ngano ya Kijerumani. Utaratibu ulikuwa funda moja kabla ya kula, kisha majani, kisha funda jingine papo hapo, na maji na kipande cha mkate kabla ya kuhamia glasi nyingine.

Cabernet iliharibika vibaya kuliko zote. Matunda yalitoweka, ufizi ukakauka, na uchungu ukakaa zaidi ya dakika. IPA haikuwa na ukakasi, ila uchungu wake uliungana na wa radikio, na kila funda lilikuwa chungu kuliko lililotangulia. Hili la kulimbikizana ni muhimu, kwa sababu watu huonja funda moja, wakaona inavumilika, kisha wakashangaa nusu glasi baadaye. Bia ya ngano ilistahimili, ingawa siki iliifanya ionekane imepooza kidogo. Riesling pekee ndiyo iliyobaki na sura yake, japo nayo ilipungukiwa harufu.

Kisha nikaitengeneza sahani upya bila kubadilisha kinywaji hata kimoja. Nilikata radikio vipande vyembamba, nikaondoa kikonyo, nikaviloweka kwenye maji ya barafu kwa nusu saa, kwani sehemu ya uchungu hutoka kwenye mikato na kubaki majini. Nikavikausha vizuri kwa kitambaa, maana jani lenye maji halishiki mafuta. Siki nikaipunguza iwe nusu kijiko, na nusu iliyobaki nikaijaza kwa ile Riesling yenyewe. Nikatia robo kijiko cha chai cha chumvi, nikaikoroga ndani ya siki kwanza, kwa kuwa chumvi haiyeyuki katika mafuta. Mwisho nikaparuza gramu 30 za jibini gumu juu yake. Jibini la namna hiyo ni fundi wa kazi tatu kwa mara moja, kwani linaleta chumvi, mafuta na protini pamoja.

Tofauti ilikuwa wazi tangu funda la kwanza. Riesling ilifunguka, na utamu wake mdogo ukageuka kuwa harufu ya tunda badala ya sukari. Bia ya ngano ikawa nzuri kuliko ilivyokuwa peke yake. IPA ilipungua ukali, lakini mwishoni uchungu ulirudi. Na Cabernet? Uchungu ulishuka kweli, ila ukakasi ulibaki mkubwa. Hapo ndipo mpaka wa chumvi. Inatuliza uchungu, haiondoi tanini kinywani. Gramu 30 za jibini ziligawanywa kwenye bakuli zima, kwa hiyo kila mtafuno ulipata kiasi kidogo mno cha kufanya kazi ambayo kipande cha nyama kingeifanya. Anayetaka mvinyo mwekundu na saladi ya namna hii achague ule wenye tanini chache, kama Gamay, aupoze hadi nyuzi 13 hivi. Asiuache kwenye jokofu hadi uwe baridi kabisa, kwa sababu ubaridi mkali huufanya ukakasi na uchungu vijitokeze zaidi. Mvinyo mweupe nao unakaa vizuri kwenye nyuzi 8 hadi 10. Ukitoka moja kwa moja kwenye jokofu la nyuzi 4, harufu na utamu vinanyamaza, na asidi inabaki inapiga kelele peke yake.

Onyo moja kuhusu njugu. Wengi hurushia jozi juu ya saladi chungu wakidhani mafuta yake yatasaidia. Mafuta yapo, lakini lile ganda jembamba la kahawia limejaa tanini, na linauongezea mvinyo kile kile ulichokuwa unakikimbia. Zikaange kidogo bila mafuta, zisugue ndani ya kitambaa hadi ganda litoke, au tumia lozi zilizomenywa. Yai lililochemshwa na kukatwa ni bora zaidi kuliko zote mbili.

Kwa nini Riesling ile ilishinda? Ilikuwa na asidi ya juu, kwa hiyo siki haikuifunika. Haikuwa na tanini wala haikulazwa kwenye mwaloni mpya. Pombe yake ilikuwa kama asilimia 9. Na ilikuwa na sukari iliyobaki, ambayo katika Kabinett za kimapokeo za Mosel mara nyingi huwa gramu 30 kwa lita au zaidi. Najua wengi wanaogopa mvinyo wenye sukari, na nawaomba wauonje na jani chungu kabla ya kuukataa. Asidi inauficha utamu kwenye glasi, na uchungu wa jani unaumaliza uliobaki, hata mtu asiyependa vitu vitamu hausikii.

Anayetaka mvinyo mweupe mkavu kabisa, yaani usio na utamu wa sukari, ana Sauvignon Blanc na Grüner Veltliner. Kuhusu Sauvignon Blanc kuna jambo la kupendeza. Harufu yake ya majani mabichi inatokana na kundi la kemikali ziitwazo pirazini, na mojawapo ndiyo ile ile iliyotambuliwa kwenye pilipili hoho mwaka 1969. Pua huinasa ikiwa nanogramu chache tu kwa lita ya maji. Mvinyo huo ukikutana na saladi ya kijani, harufu ya kijani inapata mwenzake sahanini na haisikiki tena kama kitu kigeni ndani ya glasi, na ndipo tunda linapopata nafasi. Cabernet nayo ina pirazini, ila tanini zake zinaifuta faida hiyo. Mvinyo mweupe uliokaa kwenye mwaloni mpya uache kwa siku ya viazi vya kuoka na siagi.

Kwa upande wa bia, hesabu ni tofauti. Bia ina tanini chache na asidi ndogo kuliko mvinyo, na ukali wake mkubwa ni uchungu wa hopsi. Hopsi zikichemshwa pamoja na maji ya kimea, asidi za alfa zilizomo hubadilika umbo na kuwa chungu, nao uchungu huo hupimwa kwa kipimo cha IBU, ambapo alama moja ni kama miligramu moja ya asidi hizo kwa lita. Bia ya ngano ya Kijerumani huwa kwenye 8 hadi 15. Pilsna ya Kijerumani au ya Kicheki iko kati ya 22 na 45 hivi. IPA inaanzia kama 40 na kupanda hadi 70. Namba hii isomwe kwa akili, kwa kuwa kimea kitamu kinaweza kuficha IBU nyingi na bia nyepesi ikazianika IBU chache, lakini kwa majani machungu mimi sivuki 25.

Bia inayofaa saladi ya siki kuliko zote, kwa maoni yangu, ni gose. Asili yake ni mji wa Goslar, Ujerumani, penye mto uitwao Gose, na baadaye ikawa bia ya watu wa Leipzig. Hutengenezwa kwa ngano na shayiri, huchachushwa na bakteria wa asidi ya laktiki, na ndani yake hutiwa mbegu za giligilani na chumvi. Tazama inavyojibu kila tatizo tulilolitaja: uchachu wa kulingana na siki, hopsi karibu hakuna, pombe ndogo, na chumvi imo ndani ya glasi yenyewe. Saladi uliyosahau kuitia chumvi inaweza kuokolewa na gose. Gesi yake nayo husugua mafuta ulimini, ili mtafuno unaofuata usikute utando wa mafuta ya zeituni.

Mboga zikipita motoni, mambo yanageuka. Radikio iliyokatwa katikati, ikapakwa mafuta na kuokwa hadi kingo ziwe kahawia, bado ni chungu, ila sasa ina utamu wa kuungua unaofanana na wa kimea kilichokaangwa. Hapo bia ya rangi ya kaharabu inaingia vizuri kuliko ya ngano. Bia nyeusi, ambayo kimea chake kimeunguzwa hadi kuwa na uchungu wa kahawa, bado ni hatari. Kabichi na jamaa zake zikichemshwa kwenye maji mengi yenye chumvi hupoteza sehemu ya glukosinoleti majini, na maji hayo yamwagwe.

Uyoga, nyanya zilizoiva na asparagasi si vichungu, lakini huwashangaza watu. Vina glutamati, ile ladha nzito ya mchuzi, na glutamati isiyo na chumvi hufanya mvinyo mwekundu uonekane mchungu na mkavu. Dawa ni ile ile, chumvi na tone la limau.

Ukiona mwenzako mezani anafurahia kile kinachokukunja uso, si lazima mmoja wenu awe anakosea. Mwaka 1931 Arthur Fox, mwanakemia wa kampuni ya DuPont, alirusha kwa bahati mbaya unga wa kemikali hewani. Mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu, yeye mwenyewe hakusikia kitu. Tofauti hiyo leo inajulikana kuwa inatokana kwa sehemu kubwa na jeni iitwayo TAS2R38, nayo inagusa jinsi tunavyozisikia mboga za ukoo wa kabichi. Kwa mgeni wa namna hiyo anza na ile glasi yenye sukari kidogo, na usimshawishi kwa IPA.

Imebaki atichoki, ambayo inavunja kanuni zote hizi. Ina sinarini na asidi ya klorojeni, vitu ambavyo kwa baadhi ya watu huufanya ulimi usikie utamu katika chochote kinachofuata, hata maji matupu. Linda Bartoshuk na wenzake waliliandika jambo hili katika jarida la Science mwaka 1972. Mvinyo wenye sukari, ule ule uliotuokoa kwenye radikio, hapa unakuwa kama sharubati, na mwekundu unatoa ladha ya chuma. Kabla ya kufungua chupa, tafuna kipande kimoja cha atichoki, kisha kunywa funda la maji ya kawaida. Yakiwa maji tu, chagua upendavyo. Yakiwa matamu, ikamulie atichoki limau, itie chumvi na mafuta ya kutosha, na umimine mvinyo mweupe mkavu kuliko wote ulio nao.